Bei ya Murabaha na Gharama ya Mkopo wa Riba

Swali hili limekuwa kubwa katika miji yetu ya mwambao tangu mwaka 2008, zilipofungua milango Gulf African Bank na First Community Bank, nazo ndizo benki za mwanzo katika Kenya kupewa leseni ya kufanya kazi kwa Sharia peke yake. Mtu huenda benki ya riba akaambiwa kwamba mkopo wake utamgharimu kadha wa kadha. Kisha huenda benki ya Kiislamu akaambiwa bei ya murabaha, akiangalia aona ni karibu sawa, na pengine imezidi. Hapo watu hugawanyika mafungu mawili. Wako wasemao, "Hii ni riba iliyovaa kanzu," wakarudi walikotoka. Na wako wasemao, "Maadamu kibao cha mlangoni kimeandikwa halali, mimi sina haja ya kuuliza," wakatia sahihi bila ya kusoma. Makundi yote mawili hayakuiangalia biashara yenyewe, na la pili aghlabu hulipa zaidi ya lilivyopaswa kulipa.

Kwanza yatupasa tujue murabaha ni nini. Murabaha ni mauzo, wala si mkopo. Ni mauzo ambayo muuzaji humwambia mnunuzi wazi wazi: kitu hiki nimekinunua kwa kadha, na faida yangu juu yake ni kadha. Mas-ala haya si mageni katika madhehebu yetu. Imamu Shafi katika kitabu chake Al-Umm ametaja mtu amwonyeshaye mwenziwe bidhaa, akamwambia ainunue naye atampa faida. Akasema kwamba ununuzi ule wafaa, na yule aliyeagiza ana hiyari, akitaka atainunua na akitaka ataiacha. Lakini wakijifunga tangu mwanzo kwamba mauzo ya pili yamekwisha kuwa lazima, basi hayafai, kwani huyo anauza kitu ambacho bado hajakimiliki. Mwaka 1976, Sami Hamud wa Jordan aliitoa mas-ala hii vitabuni katika utafiti wake aliouandika Cairo, akaonyesha jinsi benki iwezavyo kuitumia. Ikaitwa murabaha kwa mwenye kuagiza ununuzi, na leo ndiyo muamala utumikao zaidi katika benki nyingi za Kiislamu.

Kuhusu ile ahadi ya mwenye kuagiza, Baraza la Fiqhi la Kiislamu lilipokutana Kuwait mwaka 1988 lilisema kwamba ahadi ya upande mmoja humlazimu mwenye kuahidi kwa dini yake, na humlazimu mbele ya kadhi ikiwa mwenziwe ameingia gharama kwa sababu ya ahadi ile. Maana yake ni kwamba benki ikinunua kisha wewe ukakataa, yaweza kukudai hasara iliyoipata kweli, wala si faida iliyokuwa ikiitumai. Ama ahadi ya kuwafunga wote wawili, Baraza halikuikubali ila abaki mmoja wao au wote na hiyari.

Sasa tumchukue mtu mmoja, tumwite Mbwana, ataka kununua tuktuk ya kufanyia kazi, na duka lauza kwa shilingi 480,000. Mbwana huleta benki ankara ya awali kutoka dukani, akatia sahihi ahadi ya kununua. Benki huinunua tuktuk kutoka dukani na kulilipa duka lenyewe. Tuktuk huingia katika milki na dhamana ya benki. Baada ya hapo, wala si kabla yake, benki humuuzia Mbwana kwa bei ya jumla ambayo ndani yake gharama na faida zimetajwa, naye hulipa kidogo kidogo kila mwezi. Mara nyingi benki humfanya Mbwana wakili wake wa kwenda kuinunua na kuipokea kwa niaba yake. Hilo lafaa, lakini ndipo mlango wa makosa unapofunguka, na tutaurejea.

Jiulize jambo hili: tuktuk ikiungua moto dukani baada ya benki kuilipia na kabla ya Mbwana kuuziwa, hasara ni ya nani? Katika murabaha ya haki, hasara ni ya benki, na Mbwana hadaiwi hata senti. Katika mkopo wa riba, Mbwana alikopeshwa fedha, fedha akazitoa, na tuktuk ikiungua deni lake liko pale pale. Dhamana hii yaweza kuwa ya siku mbili au hata ya saa chache, na wako wanaoicheka kwa ufupi wake. Lakini ndiyo inayompa muuzaji haki ya faida yake. Asiyebeba hasara ya kitu hakukimiliki, na asiyekimiliki hana cha kuuza. Kilichobaki ni fedha kwa fedha zaidi, nayo ni riba, hata karatasi ikiandikwa murabaha kwa wino wa dhahabu.

Kwa hiyo angalia tarehe za karatasi zako. Risiti ya duka iwe kwa jina la benki, au kwa jina lako ukiwa wakili wake na uwakili ule uwe umeandikwa kabla ya ununuzi. Mkataba wa mauzo uje baada ya risiti. Ukiletewa karatasi zote siku moja, ukaambiwa "tia sahihi hapa, na hapa, na hapa," na mkataba wa mauzo ukawa umetangulia ununuzi, basi umeuziwa kisichokuwapo. Kadhalika benki ikikutilia fedha katika hesabu yako wewe badala ya kumlipa muuzaji, ikakwambia ukanunue mwenyewe kisha ulete risiti, yataka uangalifu mkubwa. Na mara nyingine kosa ni letu wateja wenyewe: mtu amekwisha kuinunua tuktuk mwezi uliopita, akaenda kwa mwenye duka rafiki yake akapata ankara ya uwongo ili benki imlipe. Huyo hakununua kitu. Amekopa fedha kwa ziada, na amemdanganya aliyemwamini.

Baada ya kuijua biashara, tuje kwenye hesabu. Nakuomba uifuate polepole, kwani hapa ndipo watu wengi hupotea.

Benki ya riba imemwambia Mbwana: shilingi 480,000 kwa miezi 24, riba asilimia 16 kwa mwaka. Benki hiyo huhesabu riba juu ya deni lililobaki. Mwezi wa kwanza deni ni 480,000, na riba ya mwezi huo ni shilingi 6,400. Kila alipapo, deni hupungua na riba hupungua nalo, hata mwezi wa mwisho riba ni kama shilingi 300 tu. Malipo yake ya kila mwezi huwa kiasi cha shilingi 23,500, na riba yote ya miaka miwili hufika kama shilingi 84,000.

Benki ya Kiislamu nayo imwambie Mbwana: faida yetu ni asilimia 9 kwa mwaka. Mbwana hufurahi, aona 9 ni karibu nusu ya 16. Lakini asilimia hiyo 9 imehesabiwa juu ya gharama nzima ya 480,000 kwa miaka yote miwili, haikupungua kwa kupungua deni. Asilimia 9 ya 480,000 ni 43,200. Kwa miaka miwili ni 86,400. Bei ya jumla ni shilingi 566,400, na kila mwezi ni 23,600. Basi yule wa 16 analipa 23,500 na huyu wa 9 analipa 23,600! Tisa ile ukiigeuza kwa hesabu ya deni lililobaki huwa karibu na 16 na nusu. Sababu yake ni nyepesi. Mtu alipaye kila mwezi hakai na fedha zote 480,000 kwa miaka miwili. Mwanzo anazo zote, katikati amebaki na kiasi cha nusu, na mwisho hana kitu. Ukipima kwa wastani, ni kama amekaa na nusu tu, na ndiyo maana asilimia ihesabiwayo juu ya mali nzima huwa takriban maradufu kwa hesabu ile nyingine.

Sasa geuza. Tuseme benki ya Kiislamu imemwambia asilimia 16, na Mbwana akasema, "Kumi na sita huku na kumi na sita kule, basi nichague ya halali." Ikiwa 16 hiyo ni juu ya gharama nzima, faida ni shilingi 153,600, na kila mwezi atalipa 26,400. Amelipa karibu shilingi 70,000 zaidi ya mkopo, naye adhani ni sawa. Hapa murabaha yenyewe yaweza kuwa sahihi kabisa kwa Sharia, lakini ni ghali, na ughali si uharamu. Kazi ya mnunuzi ni kuijua bei na kuipatanisha kama apatanishavyo bei sokoni. Basi usilinganishe asilimia kwa asilimia kabisa. Uliza jumla ya shilingi zitakazokutoka mpaka siku ya mwisho, pamoja na ada ya kuandaa mkataba na gharama ya takafuli au bima, kwa muda ule ule, kisha ulinganishe jumla na jumla.

Mwenye kusema, "Ikiwa jumla ni sawa, tafauti iko wapi?" twamjibu kwamba nyama ya aliyechinja kwa jina la Mwenyezi Mungu na ya asiyechinja huweza kuuzwa kwa bei moja kwa kilo, na usawa wa bei haukuifanya mizoga kuwa halali wala halali kuwa mzoga. Hoja kwamba biashara na riba ni kitu kimoja si mpya. Imetajwa na kukanushwa katika Suratul Baqara, aya ya 275. Hata hivyo, tafauti haikukomea katika hukumu tu. Yaonekana katika mfuko pia, lakini mpaka jambo litokee: soko kubadilika, mtu kuchelewa kulipa, au mtu kutaka kulipa mapema.

Tuanze na soko. Bei ya murabaha ikishafungwa haiongezeki wala haipungui. Mkopo wa riba aghlabu huandikwa kwamba benki yaweza kubadilisha kima cha riba. Kuanzia katikati ya mwaka 2022 hata Februari 2024, Benki Kuu ya Kenya iliipandisha riba yake ya msingi kutoka asilimia 7 mpaka 13, na wengi waliokopa walipokea barua za kuongezewa. Tuseme mkopo wa Mbwana umepandishwa kutoka 16 mpaka 20 baada ya miezi sita. Malipo yake hupanda kutoka 23,500 mpaka kiasi cha 24,200, na riba yote hufika karibu 97,000. Murabaha ile ya 86,400 sasa imekuwa rahisi kwa zaidi ya shilingi 10,000. Lakini mwenye insafu atasema na upande wa pili: riba ya soko ikishuka, mwenye mkopo huenda akapunguziwa, na mwenye murabaha atalipa alichokubali. Anayenunua kwa murabaha amenunua na utulivu wa bei, na utulivu huo wa kumfaa au kumgharimu.

Ama kuchelewa, hapo ndipo tafauti ilipo kubwa kabisa. Baraza la Fiqhi lilipokutana Jeddah mwaka 1990 liliruhusu bei ya kulipa kwa muda izidi bei ya kulipa taslimu, na likaharimisha deni kuongezwa kwa sababu ya kuchelewa, liwe limeshurutishwa au halikushurutishwa. Mbwana akiugua miezi mitatu, mafungu yake matatu ni 70,800, na baada ya mwaka yatakuwa 70,800. Katika mkopo, riba hupanda juu ya riba, na adhabu juu yake. Sheria ya nchi yenyewe, katika kifungu cha 44A cha Sheria ya Mabenki kilichoanza kutumika mwaka 2007, imeweka ukomo: mkopo ukishashindwa kulipwa, riba ya kuanzia hapo isizidi rasilmali iliyokuwa imebaki wakati ule. Ni ukomo wa rehema kwa kulinganisha na ilivyokuwa kabla yake, lakini fikiri maana yake: deni laweza kukua hata likawa maradufu ndipo lizuiwe. Asomaye aya ya 130 ya Suratu Ali Imran atalitambua neno hilo.

Hata hivyo benki nyingi za Kiislamu hutia katika mkataba sharti kwamba mwenye uwezo akichelewa kwa makusudi atatoa sadaka ya kiasi maalumu. Makusudio ni kumzuia mjeuri asijifanye maskini. Wanavyuoni walioruhusu wameshurutisha kwamba fedha hizo ziende katika mambo ya kheri wala zisiingie katika faida ya benki. Kwako wewe mlipaji ni shilingi zinazotoka vile vile, basi uliza ni ngapi, huhesabiwa vipi, na aliyefilisika kwa haki hufanyiwa nini. Benki ambayo haiwezi kukwambia sadaka hizo zimekwenda wapi yastahiki kuulizwa mara ya pili.

Kulipa mapema ndiko kunakowashangaza watu. Tuseme Mbwana amerithi fedha baada ya mwaka mmoja, ataka kumaliza. Katika mkopo, deni lililobaki ni kiasi cha 259,000, atalipa hizo na, ikiwa mkataba umesema, ada ya kuvunja. Katika murabaha amebakisha mafungu 12 ya 23,600, yaani 283,200, na hilo lote ni deni halali juu yake, kwa kuwa bei ilikuwa moja tangu siku ya mauzo. Tafauti ni shilingi 24,000. Hapo benki yaweza kumsamehe sehemu ya faida, na Baraza katika kikao chake cha mwaka 1992 limelijuzisha hilo madhali halikushurutishwa tangu mwanzo na liko baina ya mdai na mdaiwa peke yao. Malaysia Benki Kuu imewalazimisha mabenki kutoa msamaha huo. Kwingine ni ihsani. Kwa sababu haliwezi kuwa sharti la mauzo, usilitafute ndani ya mkataba. Waulize ada yao ni ipi, na uwaulize wateja waliokwisha kulipa mapema walifanyiwaje. Kwa rai yangu, mtu atarajiaye kupata fedha katikati ya muda afanye murabaha ya muda mfupi tangu mwanzo, hata malipo ya mwezi yakimwelemea kidogo, kuliko kujifunga miaka mingi kwa kutumai msamaha.

Yako maneno mafupi juu ya aina nyingine. Kwa nyumba, murabaha ya miaka 15 ni nzito kwa pande zote mbili, na kwa hiyo hutumika ushirika unaopungua: wewe na benki mwainunua nyumba pamoja, tuseme wewe sehemu 20 na benki 80 katika mia, wailipa benki kodi ya sehemu yake, na kila mara wanunua kipande mpaka nyumba ikawa yako yote. Kodi hiyo yaweza kubadilishwa kwa muda ujao kwa mapatano, basi utulivu niliousifu katika murabaha haumo humu. Lakini nyumba ikibomolewa na mafuriko, kila mshirika hupata hasara kwa kadiri ya sehemu yake, na kodi ya nyumba isiyokalika hukoma.

Ama mwenye kutaka fedha taslimu, kwa karo ya shule au matibabu, huyo hana bidhaa ya kununua, na murabaha haimfai. Baadhi ya mabenki humpangia tawaruki: benki humuuzia madini yaliyo katika maghala ya ng'ambo kwa bei ya muda, kisha kwa uwakili wake humuuzia tena mtu wa tatu kwa taslimu, naye Mbwana hapati hata kuyaona hayo madini. Wako wanavyuoni walioiruhusu kwa masharti makali, lakini Baraza la Fiqhi katika kikao chake cha Sharjah mwaka 2009 liliikataa tawaruki ya kupangwa namna hii, na mimi naiona rai hiyo kuwa ndiyo yenye nguvu, kwani madini yale hayakutakiwa na yeyote kati yao. Mwenye karo aanze kwa kuuliza kama shule itakubali kuiuzia benki huduma yake ya mwaka mzima, ili benki nayo imuuzie mzazi kwa mafungu. Muamala huo upo na hutumika, ila wataka shule iliyo tayari kuandikiana na benki kabla ya muhula kuanza.